Nyanya Zilizojitoa Zenyewe

Kitabu hicho bado ninacho. Ni daftari la mistari lenye jalada la bluu, na kona zake zimeliwa na unyevu. Nimewahi kuliweka juu ya moto wa mkaa mara mbili, na mara zote mbili nimeliondoa kabla halijashika. Mwandiko wote humo ndani ni wangu, mwandiko mzuri kwa kweli, tarakimu zimesimama wima na kila jumla imepigiwa mistari miwili chini. Mtu akilifungua leo atasema aliyeandika haya alikuwa mtu makini.

Kaka yangu alipofariki alituachia mke wake na mtoto wao wa kike wa miaka minane. Mjane huyo ndiye wifi yangu. Alikuwa mtu wa Koboko, mrefu, mpole wa maneno, na alikuwa na tabia ya kubonyeza kila kitu kwa dole gumba kabla ya kukiamini: nyanya, parachichi, hata mkate. Tuliishi nyumba moja mtaa wa Awindiri, mama, mimi, yeye na mtoto. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi mjini Arua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika nyumba ile hiyo ilitosha kunifanya profesa.

Mama alikuwa ameuza nyanya miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia. Baada ya matanga alimwita wifi, akampa mtaji na meza yake sokoni. Alimwambia mbele yangu kwamba meza hiyo ndiyo itakayomlisha yeye na mtoto, na kwamba mimi nitaangalia hesabu kila jioni. Sijui kama wifi aliipenda hiyo sehemu ya pili. Mimi niliipenda sana.

Mama alikuwa na sheria moja ya biashara, na hiyo hakuna aliyewahi kuivunja. Kilichooza lazima kionekane. Muuzaji wa mama alikuwa harudi nyumbani kusema tu kwamba zimeoza kadhaa. Alirudi nazo kwenye beseni, zimepangwa mafungu kama zilivyokuwa mezani, azimwage mbele ya macho ya watu ndipo zipelekwe kwa nguruwe wa jirani. Mama alisema hapo ndipo wauzaji huwala matajiri wao, kwenye kuoza. Kwa hiyo kila jioni, jua likiwa bado liko juu ya mabati ya jirani, wifi alikuja na pesa kwenye kitambaa kiunoni na beseni kichwani, maji mekundu yakimchuruzika shingoni.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Siku ya soko la Inde alinunua huko, siku nyingine kwa wakulima wa upande wa Kuluva. Alichukua zilizokwisha kuiva kabisa, kwa sababu bei yake ni nafuu, lakini maisha yake ni siku moja. Boksi moja lilikuwa shilingi laki moja na ishirini elfu. Boda wa kuleta boksi na kumleta yeye, elfu kumi na mbili. Boksi lilitoa mafungu themanini, na kila fungu aliliuza elfu mbili.

Mimi nilikaa barazani na kalamu yangu. Mafungu themanini kwa elfu mbili ni laki moja na sitini. Ukitoa boksi na ukitoa boda, faida ni elfu ishirini na nane. Hapo nilikuwa naandika ishirini na nane, kisha natazama beseni. Kama yameoza mafungu manane, nilijua kila fungu tulilinunua kwa elfu moja na mia tano, maana laki na ishirini ukiigawa kwa themanini ndicho unachopata. Manane ni elfu kumi na mbili. Toa kwenye ishirini na nane, faida ya leo ni elfu kumi na sita. Nilipiga mistari yangu miwili na kunyoosha mkono nipewe elfu kumi na sita.

Wifi alinipa kumi na mbili.

Siku ya kwanza nilidhani amechanganya noti. Tulihesabu pamoja. Siku ya pili ikapungua tena, na ya tatu. Mara elfu tatu, mara elfu nne, mara elfu tano. Haikuwa kiasi cha kumtajirisha mtu, na hilo ndilo lililonishawishi. Nilijiambia kwamba mwizi mwenye akili huchukua kidogo kidogo.

Yeye hesabu yake hakuiandika popote. Aliifanya kwa mikono juu ya mkeka. Alitenga noti za boksi la kesho upande huu, za boda upande ule, na zilizosalia katikati akazisukuma kwangu.

“Toa ya boksi, toa ya boda,” alisema. “Ile imebaki, hiyo ndiyo iko faida.”

Nikamuuliza, na zilizooza je, umeziweka wapi katika hesabu yako?

“Zile zimejitoa zenyewe.”

Nilicheka. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na nikamrudia maneno yale kwa sauti ya kuigiza, nyanya zinasimama, zinafunga kanga, zinajitoa. Mama naye alicheka kidogo. Wifi alikuwa anakunja mkeka. Nakumbuka alivyoukunja, taratibu, kona kwa kona, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Baada ya wiki chache nilianza kumkalia kooni. Nilimuuliza alikula nini mchana na kwa pesa ya nani. Nilimuuliza kwa nini amesuka nywele. Siku moja nilitoroka dukani, nikasimama nyuma ya wauza viazi kumchungulia saa nzima, na sikuona kitu ila mwanamke anayefuta nyanya kwa kitambaa na kuzibonyeza. Hata hapo sikusema moyoni kwamba huenda nimekosea. Nilisema ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Kisha, siku moja, hesabu ikakaa sawa. Mafungu tisa yalikuwa yameoza, kitabu kilisema elfu kumi na nne na mia tano, naye akaniwekea mkononi elfu kumi na nne na mia tano. Niliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Siku mbili zikapita pungufu, halafu ikakaa sawa tena. Nikamwambia mama, unaona, ukimkazia macho hela inatoka. Nilijisifu kwa hilo hata kule dukani, nikiwaeleza watu wanaopiga fotokopi vyeti vyao jinsi ya kuishi na ndugu wenye mikono mirefu.

Alama nyekundu zilifika kumi na moja. Baada ya hapo hazikuonekana tena, upungufu ukarudi kila siku, na mimi nikachoka.

Mama aliniita ndani. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, kwa sababu alijua anachoamua. Bila meza ile wifi hakuwa na kitu Arua. Na mtoto ni wa ukoo wetu, mahari ilishatolewa, kwa hiyo mama yake akiondoka ataondoka peke yake. Yote hayo tuliyajua, hakuna aliyehitaji kuyataja. Nilimwambia mama kwamba kitabu hakina uhasama na mtu.

Mtaji ulichukuliwa jioni hiyo hiyo. Wifi hakulia na hakutukana. Alisimama pale mlangoni, beseni tupu mkononi, akanitazama mimi badala ya mama.

“Mimi hapana kula pesa yenu,” alisema. “Wewe kuja kaa pale sokoni. Kaa siku tatu tu.”

Alfajiri yake alipanda gari la Koboko. Mtoto alikuwa amelala. Alipoamka aliuliza, nami nikamwambia mama yako amekwenda kwao kupumzika. Wiki moja baadaye, siku aliponiomba pesa ya kalamu na nikaona anaficha chenji, nilimwambia asije akawa na mkono kama wa mama yake. Nayaandika maneno hayo hapa kwa sababu niliyasema.

Meza haikuweza kukaa bure. Duka la fotokopi lilikuwa linafungwa na mwenyewe anahamia Kampala, basi nikaenda sokoni mimi. Nilikwenda na daftari, na kusema kweli nilikwenda na furaha ya kuonyesha jinsi biashara inavyoendeshwa na mtu aliyesoma.

Siku ya kwanza yalioza mafungu tisa. Kitabu kilisema elfu kumi na nne na mia tano. Nilipotenga ya boksi na ya boda, mkononi nilibaki na elfu kumi.

Nilijipapasa mifukoni. Niligeuza kitambaa, nikatikisa mkoba, nikapiga magoti chini ya meza kati ya maganda na matope. Nilidhani nimetoa chenji vibaya. Siku ya pili yalioza sita. Kitabu, elfu kumi na tisa. Mkononi, kumi na sita. Usiku huo niliongeza elfu tatu kutoka akiba yangu ili mama asiulize. Niliziingiza kati ya noti nyingine, na mkono wangu ukafanya hivyo haraka, bila kunishauri.

Siku ya tatu nilifunga pesa zote kiunoni juu ya ngozi, nikafunga kanga mbili juu yake. Sikwenda hata chooni. Mafungu kumi yakaoza, kitabu kikasema elfu kumi na tatu, na nilipofungua mafundo yale nilikuta elfu nane. Zilikuwa na jasho langu mwenyewe. Hakuna mtu aliyezigusa.

Niliogopa. Sitajitia ushujaa. Nilisoma hadi kidato cha nne na nilikaa pale nikifikiri kwamba mjane ameacha kitu kwenye meza ile. Ubao ulikuwa na mikwaruzo yake ya kisu. Msumari wa kutundika mifuko aliupigilia yeye. Kila nilipochukua nyanya, dole gumba langu lilikwenda lenyewe kubonyeza, na sikuwa na tabia hiyo kabla. Nilianza kusikia beseni likiwekwa chini nyuma yangu, ule mlio wa plastiki kwenye saruji, nikigeuka hakuna. Nilimwambia mama kwamba meza ina mkono wa mtu. Mama akasema tungojee.

Aliyenifungua macho ni jirani wa meza, mama mmoja wa Kinubi aliyeuza vitunguu, mtu wa kusema kidogo na kusikia mengi. Mvua ilikuwa imefukuza wanunuzi, tumejibana chini ya turubai. Aliniona nikifuta na kuandika, nikifuta na kuandika, mpaka karatasi ikatoboka. Aliniuliza ninatafuta nini. Nilimsomea hesabu yangu kwa sauti, kuanzia themanini mpaka mwisho.

Alichukua fungu moja lililooza, akaliweka katikati yetu.

“Hii ulipanga kuuza ngapi?”

Elfu mbili, nikamwambia.

“Na kwa ile ishirini na nane yako, hii iko ndani ao iko nje?”

Nilirudi kwenye daftari, nikafuata tarakimu kwa kidole tangu juu.

Ilikuwa ndani. Ile elfu ishirini na nane ilikuwa faida ya mafungu themanini yote, kana kwamba yote yameuzwa. Kila fungu lilikuwa limechangia elfu mbili humo, hata lile lililooza. Nami nilipokuja kulitoa, nilitoa elfu moja na mia tano tu, bei tuliyolinunulia. Ile mia tano ya faida niliiacha ndani ya kitabu. Mafungu tisa, elfu nne na mia tano. Sita, elfu tatu. Kumi, elfu tano. Upungufu wote, wa kwake na wa kwangu, ulikuwa mia tano za nyanya zilizooza. Kwa miezi mitano nilikuwa nimemdai mwanamke yule faida ya vitu ambavyo hakuna aliyevinunua, na alikuwa ameniletea ushahidi kwenye beseni kila jioni, ukimchuruzika shingoni.

Na njia yake ya mkekani ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Pesa iliyoko mkononi ni ya zilizouzwa peke yake. Ukitoa boksi zima na boda, zilizooza huna haja ya kuzitoa tena. Zimejitoa zenyewe.

Mama wa vitunguu alilirudisha fungu kwenye beseni, akapangusa vidole. Alisema wifi alikuwa amemwonyesha jambo hilo zamani, papo hapo, kwa vitunguu. Aliwahi kumuuliza kwa nini hakunieleza mimi. Wifi alimjibu kwamba mimi hupenda kucheka.

Nilirudi nyumbani na mvua. Nilifungua daftari kwenye kitanda changu na kuanza upya kurasa zote, na hesabu zote zikakaa mahali pake, siku baada ya siku, hadi senti ya mwisho. Ila siku kumi na moja zenye vema nyekundu. Hizo ndizo zilizokataa. Niliangalia alama ya kwanza kwa muda mrefu kabla sijaelewa. Kama upungufu ndio uliokuwa ukweli, basi siku zilizokaa sawa kuna mtu alikuwa ameongeza. Mtu alikuwa ametia pesa yake ndani ya zetu ili mimi niandike vema. Nilizijumlisha. Elfu arobaini na sita na mia tano.

Ningepaswa kwenda Koboko kesho yake. Ningepaswa hata kupiga simu. Nilimweleza mama, naye alijifunika uso kwa kanga na kusema nenda, na mimi nikasema ndiyo, nitakwenda soko likipoa. Soko halikupoa. Aibu ni kitu kizito kubeba kwenye gari, na nilijipa sababu ishirini. Katika majuma hayo iliingia simu mara tatu kwa namba nisiyoijua, zote mchana, nikiwa na wateja na nikiwa sina. Niliiangalia ikilia juu ya meza. Moyo uliniambia ni yeye, anakuja kudai mtoto au kudai haki, na mimi sijapanga maneno yangu bado. Sikupokea.

Nilipokwenda hatimaye, nilikuwa na elfu arobaini na sita na mia tano kwenye bahasha, daftari kwenye mkoba, na maneno nimeyapanga vizuri. Kwao ni nje kidogo ya mji wa Koboko, nyumba tatu na ua uliofagiliwa. Mama yake alikuwa anaanika mihogo. Alinitambua. Alinipa kiti na maji, akasubiri ninywe yote, ndipo akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba, ambako udongo ulikuwa bado mwekundu na umeinuka.

Ilikuwa homa, alisema, siku nne tu. Walitupigia simu. Siku ya kwanza mgonjwa mwenyewe aliomba asikie sauti ya mtoto wake. Siku ya pili wakapiga tena. Simu ya tatu ilikuwa ya kutuambia msiba.

 Maneno niliyoyapanga yalikuwa yamepangiwa mtu mwingine. Nilitoa daftari, nikalifungua kwa mwanamke asiyejua kusoma, nikaanza kumwonyesha kwa kidole, mafungu themanini, boksi, boda, mia tano, na nikajisikia nikieleza kama mwalimu. Nikalifunga. Nikasema, “Mama, hakuiba. Mimi ndiye nilikosea hesabu.”

Alikuwa anageuza mihogo. Hakuacha.

“Sisi tulijua,” alisema. “Ni wewe tu hakujua.”

Nilimpa bahasha. Nilimwambia kiasi chake, na kwamba ni pesa ambazo binti yake alituongezea siku kumi na moja, sijui alizitoa wapi. Yeye alijua. Binti yake alikuwa amempigia simu kuomba, akasema biashara ya wakwe ina deni dogo linaloisumbua nyumba. Mama huyo aliuza kuku akamtumia kwa simu, kisha akauza wa pili na wa tatu. Baada ya hapo kuku waliisha. Ndiyo maana vema nyekundu zilikoma.

Nilitegemea ataikataa bahasha, na nadhani nilitaka aikatae, nipate kitu cha kubembeleza. Aliipokea, akahesabu noti moja moja juu ya goti, akazifunga kwenye pindo la kanga.

“Hii ni ya kuku,” alisema. “Ya mtoto wangu hapana iko hapa.”

Nilirudi Arua jioni ile. Mtoto alikuwa barazani anamenya viazi. Nilikaa chini karibu naye, nikamwambia yote kwa mpangilio, kwamba mama yake amefariki, na kwamba hakuwahi kuchukua hata shilingi moja, na kwamba ni mimi. Alilia kwa ajili ya lile la kwanza. Lile la pili alilisikiliza na macho makavu, kisha akaniuliza kwa utulivu ule ule wa mama yake kama yeye sasa anaruhusiwa kuficha chenji.

Bado nauza nyanya. Kila jioni natenga ya boksi, natenga ya boda, na kilichobaki ndicho faida, siandiki popote. Zilizooza hazimo katika hesabu yangu tena, lakini bado nazileta nyumbani kwenye beseni, ingawa mama hayupo siku hizi wa kuzidai. Nazipanga mafungu barazani, napanga vizuri, kisha nakaa nazo mpaka mtoto atoke ndani kunisaidia kuzibeba. Hajawahi kutoka.